Sura Ile Ile, Macho Mengine

Siku hizi posa nyingi katika mitaa yetu huanza na picha. Shangazi wa kijana humtumia mama wa binti picha mbili tatu kwenye simu, mama humwonyesha binti jikoni chapati zikiwa motoni, na kabla chapati haijageuzwa upande wa pili binti ameshatoa hukumu. "Hapana, mama. Tazama masikio." Mama hucheka, shangazi huambiwa kwamba binti bado anasoma, na shughuli ikaishia hapo. Kinyume chake nacho hutokea. Huletwa picha ya kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, amesimama kando ya gari ambalo huenda si lake, na nyumba nzima ikaridhika naye kabla ya kujua hata anavyosema na mamake mzazi.

Hatuandiki makala haya kuwalaumu mabinti. Kuvutiwa na sura ni katika maumbile ya mwanadamu, na sheria yetu imelitambua hilo tangu zamani. Imepokewa kwamba Al-Mughira bin Shu'ba alipotaka kuposa, Mtume (SAW) alimwelekeza aende kwanza akamtazame huyo mwanamke, kwa kuwa kutazama huko kunafaa zaidi katika kudumisha mapatano baina yao. Jicho, basi, lina haki yake. Tunalotaka kulichunguza wiki hii ni kwamba jicho lenyewe halikai pahali pamoja. Mtu tuliyemwona wa kawaida mwanzoni, tukishamjua kwa upole na ucheshi wake, huanza kuonekana mzuri. Wala si kwamba tunajilazimisha kusema hivyo kwa adabu. Tunamwona hivyo hasa, na tunashangaa ilikuwaje hatukuliona tangu awali. Na aliyekuwa mzuri sana siku ya kwanza, akiwa na ulimi wa upanga, uso wake huchakaa machoni mwetu hali hata mkunjo mmoja haujaongezeka. Wazee wetu waliosema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi, walikuwa wameliona jambo hili kwa karibu. Ila msemo huo hautuambii jambo lenyewe hutokeaje, wala ni lini halitokei kabisa.

Mwalimu mmoja, nyuso mbili

Mwaka wa 1977 wataalamu wawili wa saikolojia, Richard Nisbett na Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, walifanya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa vyuoni. Walimchukua mwalimu mmoja, Mbelgiji aliyezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya Kifaransa, wakamrekodi akihojiwa mara mbili. Katika rekodi ya kwanza alijibu maswali kwa uchangamfu, akionyesha kuwaheshimu wanafunzi wake na kuipenda kazi ya kufundisha. Katika ya pili, mtu yule yule, mwenye uso ule ule na lafudhi ile ile, alijibu kwa ubaridi na ukali, kama mtu asiyewaamini wanafunzi wake. Kisha wanafunzi zaidi ya mia moja waligawanywa, baadhi wakaonyeshwa rekodi ya kwanza na wengine ile ya pili, na kila kundi halikujua kuwa kuna rekodi nyingine.

Walipoulizwa juu ya sura yake, walioona mwalimu mchangamfu wengi wao walisema inapendeza. Walioona mwalimu mkali, wengi wao walisema sura hiyo inakera. Hata mienendo yake ilisifiwa na wengi wa kundi moja ikachukiwa na wengi wa jingine.

Mpaka hapo msomaji anaweza kusema kuwa hilo alilijua. Lakini lililofuata ndilo la kuzingatia. Wanafunzi waliulizwa: je, kumpenda au kutompenda mwalimu huyu kumebadilisha maoni yenu juu ya sura yake? Wakakataa. Tena waliomwona akiwa mkali waliligeuza jambo juu chini, wakadai kuwa sura yake na lafudhi yake ndizo zilizowafanya wasimpende. Hawakuwa wakidanganya. Ndivyo walivyojiona. Moyo ulikuwa umeshahukumu kutokana na tabia, kisha jicho likapewa kazi ya kutafuta ushahidi usoni.

Turudi kwenye masikio ya yule kijana wa posa. Binti aliyeyaona makubwa kwenye picha hakukosea. Huenda ni makubwa kweli. Lakini picha ilimpa masikio pekee, haikumpa jambo jingine lolote la kupima, kwa hiyo masikio yakajaza pahali pote. Angalimjua kijana huyo kwanza kama mtu anayemshika nyanyake mkono wakati wa kushuka ngazi, masikio yangalibakia kuwa masikio tu, sehemu ya uso wa mtu anayejulikana.

Wiki sita za kuchimba

Jaribio la Michigan lilifanywa ndani ya chumba, na mtu anaweza kuuliza kama mambo huwa hivyo pia katika maisha. Mwaka wa 2004 watafiti Kevin Kniffin na David Sloan Wilson walichapisha utafiti uliowafuata watu wanaoishi na kufanya kazi pamoja. Kundi moja lilikuwa la wanafunzi waliokwenda kufanya kozi ya kuchimba mabaki ya kale kwa muda wa wiki 6. Kuchimba mabaki ya kale si kazi ya majigambo. Ni jua, vumbi, magoti kuuma, na kuchekecha mchanga ndoo kwa ndoo. Siku ya kwanza, kabla hawajajuana, kila mmoja alitakiwa kuwapima wenzake kwa sura. Siku ya mwisho walitakiwa kupima tena, pamoja na kueleza wanavyompenda kila mwenzao na juhudi aliyoionyesha kazini.

Vipimo vya siku ya mwisho havikuwa vile vya siku ya kwanza. Mwanamke mmoja alianza akiwa chini kabisa ya wastani. Alikuwa mchapakazi na mtu wa kupendeka, na wiki 6 zilipokwisha wenzake walimpima kuwa miongoni mwa wenye kuvutia. Hakukuwa na saluni pale shimoni, wala wanja.

Watafiti hao hao waliichunguza pia timu ya wapiga makasia. Mmoja wa timu alikuwa mvivu, akiwaachia wenzake mzigo. Mwingine alikuwa akijitolea kwa nguvu zake zote. Wenzao walimwona yule mvivu kuwa na sura mbaya na yule wa pili kuwa na sura nzuri. Picha za wawili hao zilipopelekwa kwa watu wasiowajua, watu hao hawakuona tofauti kubwa baina yao.

Kwa nini huwa hivyo? Sababu moja ni nyepesi mno hata huwa tunaisahau, nayo ni mazoea ya macho. Mwaka wa 1992 watafiti wawili, Moreland na Beach, waliwatumia wanawake wanne waliofanana kwa mwonekano. Mmoja hakuhudhuria kabisa darasa fulani la chuo, wa pili alihudhuria mara 5, wa tatu mara 10, wa nne mara 15. Waliingia, wakakaa, wakatoka, bila kuzungumza na mtu. Mwishoni mwa muhula wanafunzi walionyeshwa picha zao, na aliyeonekana mara nyingi zaidi ndiye aliyewapendeza zaidi, ingawa wengi hawakuwa na kumbukumbu ya wazi ya kumwona. Uso uliozoeleka haumtii mtu wasiwasi, na ule utulivu tunauhesabu kuwa ni uzuri wa uso wenyewe.

Upole huongeza juu ya mazoea hayo jambo jingine. Uso wa mtu aliyetutendea wema huwa kama mlango wa nyumba tuliyopumzika ndani yake. Tukiuona, mwili hutulia kabla ya akili kukumbuka sababu. Isitoshe, mtu mpole hujifungua usoni kwa namna ambayo picha haiwezi kuinasa. Kuna wanaokunja jicho moja wanapozuia kicheko. Wengine huinamisha kichwa wanapomsikiliza mtoto, au hutabasamu kwanza kwa macho, midomo ikafuata nyuma. Mambo haya madogo ndiyo uso wenyewe kwa wanaomjua, na mgeni hayaoni. Ndiyo maana mara nyingi hatuipendi picha ya kitambulisho ya mtu wetu wa karibu, tunaitazama na kusema, "Huyu siye."

Lipo tokeo jingine la mambo haya ambalo tunaona linawafaa sana mabinti, na vijana wa kiume pia, ambao hawahesabiwi katika wazuri wa mtaa. Watafiti Paul Eastwick na Lucy Hunt walionyesha mwaka wa 2014 kwamba watu wanapoonana mara ya kwanza huwa wanakubaliana kwa kiasi kuhusu nani anavutia na nani havutii. Kadiri wanavyojuana, makubaliano hayo huvunjika. Kila mmoja huanza kuwa na mizani yake, na mtu aliyekuwa wa kawaida kwa wote huwa wa pekee kwa mmoja. Mwaka uliofuata, wakiwa na mwenzao Eli Finkel, walichunguza jozi 167 za wachumba na wanandoa. Waliokuwa wameanza uhusiano wao mara tu walipokutana walikuwa wakilingana kwa sura, mzuri kwa mzuri. Waliokuwa wamejuana kwa muda mrefu kabla ya hapo hawakulingana hivyo. Muda ulikuwa umeufungua mlango ambao picha huufunga.

Ucheshi wa namna gani

Tumesema upole na ucheshi kwa pumzi moja, na huenda baadhi ya wasomaji wanauona ucheshi kuwa jambo dogo mbele ya dini na tabia. Na tukitazame basi kisa cha swahaba Zahir bin Haram, kilichopokewa na Anas bin Malik. Zahir alikuwa mtu wa jangwani. Wapokezi wanataja bila kuficha kwamba hakuwa na sura nzuri. Alikuwa akimletea Mtume (SAW) zawadi za kijangwani, na Mtume akimpa naye mahitaji ya mjini anaporejea kwao, na alikuwa akimpenda. Siku moja Zahir alikuwa sokoni akiuza bidhaa zake. Mtume akamjia kwa nyuma, akamkumbatia asiweze kumwona. Zahir akapapatika, akitaka aachwe, akiuliza ni nani huyo. Alipogeuka na kumtambua, hakujitoa tena. Alizidi kuubana mgongo wake kwenye kifua cha Mtume. Mtume naye akaanza kunadi, nani atamnunua mtumwa huyu? Zahir akamjibu kwamba basi atamwona ni bidhaa isiyokuwa na soko. Hapo Mtume akamwambia kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye si bidhaa duni.

Tazama utani huo ulivyosukwa. Ulifanywa hadharani, sokoni, mbele ya watu ambao pengine walizoea kumpita Zahir bila kumtazama. Ulianza kwa mguso wa mapenzi, si kwa neno. Zahir aliruhusiwa kujibu, naye akajibu kwa kujitania mwenyewe kuhusu thamani yake, na jibu lile halikuachwa lining'inie. Lilipokewa, likainuliwa. Aliyesimama sokoni siku hiyo akamwona mtu aliyekumbatiwa hivyo, hatudhani aliendelea kumtazama Zahir kwa jicho la jana.

Ucheshi wa namna hiyo hauhitaji hodari wa vichekesho. Robert Provine, mtaalamu wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza kicheko cha watu wa kawaida madukani na njiani, aligundua kwamba vicheko vingi havifuati kichekesho chochote. Hufuata maneno ya kawaida kabisa, mfano "haya basi, tutaonana". Aligundua pia kuwa mtu hucheka mara nyingi zaidi, takriban mara 30, akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kicheko ni namna ya kumwambia mwenzio kuwa uko salama naye. Kwa hiyo binti asitafute mume wa kumvunja mbavu. Atafute mtu ambaye mbele yake mabega hushuka.

Na si kila anayechekesha ana upole. Mtaalamu wa Kanada, Rod Martin, pamoja na wenzake, aliugawa ucheshi mwaka wa 2003 katika namna nne. Mbili zajenga: ule unaowaleta watu pamoja, na ule wa mtu kuitazama dhiki yake kwa jicho la kucheka asivunjike moyo. Mbili zabomoa: wa kuwadhalilisha wengine, na wa mtu kujidhalilisha kupita kiasi ili apendwe. Kijana mwenye kejeli huchekesha sana katika ziara ya kwanza, kwa sababu anayekejeliwa bado ni mtu mwingine: mhudumu wa hoteli, mwalimu wake wa zamani, binamu mnene. Mwaka mmoja baada ya harusi watu wa nje wamekwisha, na zamu ni ya mke. Wazee waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha hawakuwa wanakataza kucheka. Kipimo chetu ni rahisi: baada ya utani kupita, mtazame aliyetaniwa. Kama uso wake umefunguka, huo ni upole. Kama anacheka huku anatazama chini, umeshaona mengi.

Ziara tatu

Sasa tuyalete haya sebuleni. Familia nyingi zitasema: huo muda wa kujuana tutautoa wapi, ilhali hatuwaruhusu vijana kukaa faragha? Nasi hatutaki waruhusiwe. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi wanavyuoni wameeleza kwamba mwenye kuposa anaweza kukariri kutazama uso na viganja akihitaji hivyo, mpaka aridhike, na mwanamke naye ana haki ya kumtazama. Desturi ya ziara moja ya dakika 20, sahani ya kaimati katikati na watu 12 ukutani, ni yetu wenyewe, si ya sheria.

Chukua mfano wa binti wa miaka 24 aliyepokea posa ya mtu ambaye picha yake haikumsisimua, ingawa haikumchukiza pia. Kaka yake yuko sebuleni muda wote. Katika ziara ya kwanza anaona aliyoyaona kwenye picha, pamoja na sauti ambayo ni nyororo kuliko alivyodhani. Hana jawabu, na asilazimishwe kutoa. Katika ziara ya pili nyanya, ambaye hasikii vizuri, anamwuliza mgeni mara tatu kama yeye ni mtoto wa mtu fulani wa Lamu. Mara ya kwanza anaeleza. Mara ya pili anaeleza tena, kwa sauti ya juu kidogo, bila kuwatazama wengine kutafuta wa kumcheka naye. Mara ya tatu anasema, "Nyanya, ukinipa nafasi nitakuwa mtoto wa huyo pia," na nyanya mwenyewe ndiye anayecheka zaidi. Hapo binti amepata kitu ambacho picha haikuwa nacho. Katika ziara ya tatu anajigundua akimtazama usoni kuona kama lile tabasamu litaanza kwa macho kama mara iliyopita. Masikio yako pale pale. Hajayafikiria tangu alipoketi.

Aliyafikia hayo kwa sababu ziara zilikuwa na mtu wa kuhudumiwa, yaani nyanya. Tunawashauri wazazi wasiwafiche wazee, watoto wala mpishi siku ya mgeni. Mtu hung'aa mbele ya anayetaka kumpata. Tabia yake hujulikana mbele ya asiye na la kumpa. Na yale ambayo sebule haiwezi kuonyesha yaulizwe kwingine. Imepokewa kutoka kwa Umar bin Al-Khattab (RA) kwamba mtu alikuja kumtolea ushahidi mwenziwe, na Umar akamwuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake, kama amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu, na kama amewahi kusafiri naye. Alipokana yote matatu, Umar alimwambia kuwa basi hamjui, huenda amemwona msikitini akiinua na kuinamisha kichwa tu. Mjomba aliyetumwa kuulizia habari za kijana na aanze kwa jirani wa ukuta mmoja, mtu aliyemkopesha, na aliyepanda naye basi la usiku likaharibika njiani.

Pale macho yanapokataa

Tunaogopa kwamba baadhi ya wazazi watayachukua haya na kuyafanya fimbo: "Wee olewa, mapenzi yatakuja, hata gazeti limesema." Hatukusema hivyo. Kuzoeana hakuumbi wema usiokuwapo. Huudhihirisha tu uliopo, na huudhihirisha ubaya vilevile. Katika miaka ya 1970 watafiti waliuliza wakaazi wa mtaa mmoja wa nyumba za kupakana huko Kalifonia ni majirani gani wanaowapenda na gani wanaowachukia. Waliopendwa wengi waliishi karibu. Waliochukiwa waliishi karibu zaidi. Ukaribu huongeza lililopo, na mwenye makelele husikika zaidi kwa aliye ukuta wa pili.

Kisha kuna tofauti baina ya kutovutiwa na kuchukizwa. Binti wa mfano wetu alikuwa hajavutiwa. Palikuwa na pahali patupu pa kuandikia. Anayehisi kinyaa, anayetaka kuondoka mtu anapoingia, huyo hana pahali patupu, na kila ziara humwongezea uzito. Mama anayemjua mwanawe hutambua tofauti hiyo mapema kuliko wataalamu: wa kwanza huuliza maswali baada ya mgeni kuondoka, japo ya kukosoa, wa pili hunyamaza na kwenda kulala mapema. Ridhaa yake ni haki, si hisani. Khansa bint Khidam alipoozwa na babake kwa mtu asiyemtaka, alikwenda kwa Mtume (SAW), naye akaitengua ndoa hiyo.

Na hata baada ya ndoa, hata wema ukiwapo, lipo ambalo halibadiliki. Qur'ani inawaelekeza waume kwamba wakichukizwa na wake zao huenda wanachukia jambo ambalo Mwenyezi Mungu ametia ndani yake kheri nyingi, na wengi wameiona kheri hiyo kwa kusubiri. Lakini mke wa Thabit bin Qays alikwenda kwa Mtume (SAW) akasema wazi kwamba hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini, ila hawezi kukaa naye, naye akichelea kukosea haki za dini yake akiwa ndani ya ndoa hiyo. Baadhi ya mapokezi yanataja kuwa Thabit hakuwa na sura nzuri. Thabit alikuwa khatibu wa Answari, mtu wa heshima, na hapana aliyemwambia mwanamke yule kuwa bado hajamzoea vya kutosha. Aliulizwa kama yuko tayari kumrudishia bustani aliyompa mahari. Akasema ndiyo. Thabit akaamrishwa aipokee bustani yake na atoe talaka moja.